Kikombe cha pili

"Niangukapo, nitasimama tena." (Mika 7:8)

Mama Furaha wa Kadutu, tumwite hivyo, alikuwa na siku 214 bila pombe alipokwenda kwenye harusi ya binamu yake, huko Panzi. Tangu uji wa asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Ibada ilichelewa, picha za kando ya ziwa zikala saa nzima, na saa moja jioni chakula kilikuwa bado jikoni. Vinywaji ndivyo vilivyotangulia. Shangazi akamletea kikombe cha kasiksi: "Kunywa, mwanangu, hii si pombe, ni ndizi tu."

Sisi wa Bukavu tunaujua uongo huo. Ndizi zikishakamuliwa, zikatiwa unga wa mtama na kulazwa, hiyo ni pombe, hata utamu uifiche vipi. Naye alijua. Akanywa kwa njaa, na kwa kuwa kumkatalia shangazi mbele ya wakwe ni aibu.

Kilichomwangusha hasa ni wazo lililofuata: "Nimeshaharibu. Siku zangu zimekwenda. Basi ninywe leo, Jumatatu nitaanza upya." Kikombe cha pili alikinywa kwa aibu, hakuwa na kiu, na nyuma yake zikaja chupa tatu za bia. Wazo hilo ndilo linalofanya kuteleza kwa jioni moja kuwe ulevi wa miezi.

Saa nne usiku alijifungia chooni akampigia simu dada mmoja wa kikundi chetu cha kuacha pombe. Hata maombi hakuomba. "Nimekunywa. Niko Panzi. Njoo unitoe." Dada akafika na pikipiki, asiulize vikombe vingapi.

Kesho yake, wakinywa chai, waliirudia jioni ile tangu mwanzo. (Sisi tumezoea kuungama kwa jumla, "Bwana nisamehe", tukaishia hapo.) Njaa ilianza saa ngapi? Aliketi na nani? Mkononi alishika nini? Wakaona: tumbo tupu, mikono mitupu, na shangazi ambaye hajawahi kuambiwa. Kwenye kalenda Mama Furaha aliizungushia Jumamosi ile duara. Alama nyingine hakuzifuta.

Yeye alikunywa usiku mmoja. Aliyerudia kunywa sana kila siku kwa majuma asiache ghafla akiwa peke yake: kutetemeka na jasho vinaweza kufuatwa na degedege. Huyo apelekwe kwanza kituo cha afya.

Jumatatu alikwenda kwa shangazi. "Shangazi, pombe iliniharibia nyumba. Kasiksi pia. Nikija kwako, unipe sukre."

Shangazi alinyamaza kitambo. "Mbona hukuniambia?"

Harusi inayofuata ni Bagira. Mama Furaha atakula wali nyumbani kabla ya kutoka, na shangazi amesema yeye ndiye atakayeketi kando yake.