Nilivyoondoa umri, ndoa na picha kwenye barua ya kazi

Jamaa wengi wa saiba hapa Nakuru wana barua moja tu kwenye kompyuta. Jamaa anabadilisha jina, anakuchapia, unalipa kama hamsini hivi. Yangu ilisema, “Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa, umri miaka 44, Mkristo,” na picha ya pasipoti ikabandikwa kwenye kona. “Wakubwa wanapenda kuona sura,” akaniambia. Niliituma kwa mashamba ya maua upande wa Naivasha, nikitafuta kazi ya stoo, hadi nikachoka. Nilipoitwa mahali pamoja, swali la kwanza likawa watoto nitamwachia nani. Stoo haikutajwa kabisa. Iliniuma sana, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa umri au hali ya ndoa. Lakini usipoitwa, utathibitisha vipi kwamba ulibaguliwa?

Kufuta mistari ile ni kazi ya dakika. Utamu ulikuwa kuwinda umri mahali ulipojificha. Ukiandika KCSE 1999, msomaji anajumlisha kichwani, amemaliza. Nikaacha “KCSE, C+” bila mwaka, na mwaka nikauweka tu kwenye kozi ya stoo niliyosoma 2016. Barua pepe yangu iliishia na 81, nikafungua nyingine yenye majina tu. “Uzoefu wa miaka 22” ukawa “zaidi ya miaka kumi”, na kazi za zamani kabisa nikazitoa. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakifikirii: namba ya kitambulisho. Namba hizi hutolewa kwa mfuatano, kwa hivyo yangu inayoanza na 2, ikiwekwa kando ya za vijana zinazoanza na 3 au 4, inataja umri wangu waziwazi. Ikatoka. Mwajiri ataihitaji akishakuajiri, si kabla.

Pale palipokuwa na watoto na dini nikaandika: “Nimesimamia stoo ya mbolea na dawa. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu bidhaa nikalinganisha na kadi za stoo, na upungufu niliuripoti siku hiyo hiyo.” Barua hiyo ndiyo iliyonipa kazi niliyo nayo, na kwenye mahojiano waliniuliza dawa iliyoisha muda naitenga vipi.

Rafiki yangu wa Kisumu alitaka kufanya hivyo kwa kazi ya kaunti, nikamkataza. Kule kuna fomu, na fomu huuliza tarehe ya kuzaliwa, kabila na kaunti ya nyumbani. Kabila linaulizwa kwa sababu Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa taasisi ya umma kutoka jamii moja. Nilimwambia ajaze kila nafasi kwenye fomu ile, na barua ya kuambatanisha izungumzie kazi peke yake.