Kumbukumbu ya mradi: skripti moja, nakala mbili

Jana usiku nimeipita "Asubuhi ile baba alitoka mapema" mara 11 mfululizo bila kuruka hata mara moja. Sentensi hii imenihangaisha wiki tatu, kwa hiyo naandika sasa hivi, kabla sijasahau nimefikaje hapa.

Igizo ni la mtu mmoja, dakika 7. Binti wa fundi baiskeli anasimulia habari za baba yake. Litachezwa jukwaani bila karatasi, na pia linarekodiwa kwa ajili ya redio, huko nasoma. Niliichukulia kuwa kazi moja. Nikachapa nakala moja, nikaijaza alama, nikawa natembea nayo kote, mazoezini na studio. Hilo limenigharimu pande zote mbili.

Nianze na jukwaani. Sentensi ile inarudi mara tatu, na nimeiandika hivyo kwa makusudi. Asubuhi ya kwanza baba anaondoka na pampu, ya pili mvua inamkuta bila koti, ya tatu harudi. Kila nilipokariri, nilisema "alitoka mapema" ya kwanza, kisha kinywa kikadaka maneno ya asubuhi ya tatu. Karibu dakika 3 zinapotea hapo, na koti linakuwa halijatajwa kabisa, wakati mwisho wote umejengwa juu ya lile koti.

Nilijaribu rangi: kijani, njano, waridi. Nikifumba macho niliziona vizuri, lakini rangi haikuniletea neno. Nikajaribu namba pembeni mwa kila aya. Nazo hazikusaidia, kwa sababu nikishaingia ndani ya mhusika sihesabu kitu. Nilikasirika kiasi cha kutaka kuzifuta zile sentensi mbili na kuandika nyingine tofauti. Nashukuru sikufanya hivyo.

Kilichonifungua ni kujirekodi na kusikiliza ni wapi hasa napotea. Siku zote nilidhani napotea mwanzoni mwa aya. Kumbe napotea baada ya sentensi ile kwisha, na pale nimeshachelewa, maana sentensi ni ileile na mbele yake kuna njia tatu. Njia lazima niwe nimeshaichagua kabla sijaifungua sentensi. Maana yake neno la kunikumbusha halitakiwi kukaa mwanzoni mwa aya mpya. Linatakiwa kuwa neno la mwishomwisho la aya ninayoiacha. Naliita neno la daraja.

Nikarekebisha kidogo miisho ya aya. Ya kwanza sasa inaishia "kwenye msumari ilining'inia pampu", kisha sentensi, kisha "Akachukua pampu". Ya pili inaishia "nyuma ya mlango limebaki koti", kisha sentensi, kisha "Mvua ilimkuta". Ya tatu inaishia "Mama alikuwa ameshateka maji", kisha sentensi, kisha "Hakurudi". Kwenye nakala ya kukariri nimezungushia maneno matatu tu: pampu, koti, maji. Kila moja lina mshale unaoruka juu ya sentensi nzima na kutua kwenye neno la kwanza baada yake. Alama nyingine zote nimezifuta.

Mazoezi nayo yamebadilika. Sisemi aya nzima tena. Nimeandika pampu, koti na maji kwenye vikaratasi, nimevitia kikombeni, nachomoa kimoja bila kuangalia na kusema kile kiungo tu, kutoka neno la daraja hadi maneno mawili baada ya sentensi. Mpangilio lazima uvurugike, la sivyo unakariri mfuatano tu na mruko unarudi siku utakapokatizwa na makofi. Nikaongeza mkono: kwenye "pampu" mkono wa kulia unapanda na haushuki mpaka "Akachukua". Mkono unanibebea lile neno wakati kinywa kinasema mengine.

Sasa studio. Jumamosi nilikwenda na nakala hiyohiyo yenye mishale. Nilipofika asubuhi ya tatu nikasoma kwa hisia zote: "Asubuhi ile baba alitoka mapema. Akarudi." Fundi mitambo akasimamisha.

"Dada, samahani. Baba amerudi au hajarudi?"

Nikaangalia karatasi. Imeandikwa "Hakurudi", lakini kichwa cha mshale kimekaa juu ya herufi H. Akarudi, hakurudi: tofauti ni ndogo mno kwa jicho linalokimbia, na igizo zima limesimama hapo. Mshale wenyewe pia ulikuwa unalivuta jicho langu kurudi mstari wa nyuma, wakati anayesoma anahitaji jicho litangulie. Jicho huwa mbele ya sauti kwa maneno kadhaa, kwa hiyo alama ya kusomea lazima ikae kabla ya jambo lenyewe.

Nikachapa nakala nyingine safi. Herufi za ukubwa wa 16, nafasi mara mbili, upande mmoja wa karatasi, hakuna sentensi inayokatwa na mwisho wa ukurasa, na hakuna pini, ili karatasi iteleze pembeni bila kuchakarisha. Vikanushi vyote vyenye ha- nimevipigia mstari mzito chini ya silabi hiyo. Halafu maswali. Lugha yetu inauliza kwa sauti tu, mpangilio wa maneno haubadiliki. "Na wewe bado unamngoja kila jioni pale kivukoni?" niliisoma kama taarifa mpaka nikagongana na alama ya kuuliza mwishoni, na sauti ilikuwa imeshashuka. Sasa kila swali lisiloanza na "je" lina alama ya kuuliza ya penseli kabla ya neno la kwanza pia. Kwenye "akalijaza gurudumu barabara, akashika barabara ya bandarini" nimeweka kinukta juu ya "ra" ya kwanza katika barabara ya kwanza, sauti ipande hapo, wala isisikike kama njia.

Maneno ya pembeni nayo si ya aina moja na yale ya kukariri. Neno la daraja ni kipande cha igizo lenyewe. Kwenye nakala ya kusomea, neno la pembeni ni agizo: pumua, ngoja, shusha. Nimegundua pia kwamba "polepole" peke yake halifai, kwa sababu halisemi mpaka lini, na nilijikuta nimeburuza ukurasa mzima. Sasa naandika "polepole mpaka koti".

Vifaa: penseli ya 2B na raba nzuri, basi. Kalamu za rangi zinazong'aa sizitaki tena kwenye karatasi ya kusomea, chini ya taa ya studio zinaumiza macho, na hazifutiki.

Wiki hii nilipanga kutia alama nusu ya pili kwa ajili ya redio. Nimeiacha kwanza, kwa sababu kuna kitu kimenishika. Ile njia ya kukariri kwa kuandika herufi ya kwanza ya kila neno ilikuwa inanishinda, kwani katika masimulizi kila kitenzi kinaanza na a. "Akachukua pampu, akalijaza gurudumu barabara, akashika barabara ya bandarini" inakuwa A p, A g b, A b y b. Hizo a tatu hazinikumbushi kitu. Jana nikajaribu kuchukua herufi ya mzizi wa kitenzi badala ya kiambishi: CH p, J g b, SH b y b. Nikaisema yote mara ya kwanza. Nimeshafika ukurasa wa tatu, na igizo zima linaelekea kuenea kwenye karatasi moja.