Webkamu inakwama usiku tu, kumbe taa

Jamani hii webkamu imenisumbua wiki nzima hapa Kirumba, mchana iko poa ila ikifika saa moja usiku nikianza kustrimu gemu, nikipunga mkono unaacha mkia kama mzimu. Nikalaumu bando, nikaitoa kwenye habu niliyochomeka na diski nikaipa poti yake ya USB peke yake, wapi! Kumbe chumba kikiwa giza kamera inachelewesha kila picha ili ivute mwanga, fremu 30 kwa sekunde zinashuka 15. Nikaweka taa ya mezani nyuma ya skrini inipige usoni, nikazima mwanga otomatiki kwenye setingi, ikatulia. Dirisha la upande wa ziwa nalo nalifunga pazia, likiwa mgongoni natokea mweusi tii.