Wenzangu wamekiona ubaoni

Jumamosi tumepokea mahari ya mdogo wangu, ng'ombe wamehesabiwa, wajomba wamekula wakashiba, na Baba Neema hatimaye ameshika barua yake ya uhamisho wa Geita. Hayo yote nitayaandika siku nyingine. Tangu Jumanne nina sentensi moja tu kichwani. Naosha vyombo nayo, napanda daladala ya Igoma nayo.

Nilikuwa narudisha madaftari ya praktiko kwa Kidato cha Tatu, ile ya kuchora seli za ngozi ya kitunguu kwa hadubini. Yule binti wangu wa meza ya nyuma, asiyenyosha mkono, alikuja na daftari lake mpaka mezani kwangu.

"Shikamoo madamu. Mbona alama za kiini umenikata?"

"Marahaba. Kwa sababu hukukichora."

"Sikukiona."

"Wenzako wote wamekiona."

Akaangalia viatu vyake. "Wenzangu wamekiona ubaoni, madamu."

Akaenda kukaa. Hakuwa na kiburi hata chembe, ndicho kinachoniuma. Jumatatu nilichora seli kubwa ubaoni kwa chaki tatu, nikaweka na kiini katikati kama kiini cha yai, halafu nikawaambia wachore wanachokiona kwenye hadubini. Yeye peke yake ndiye aliyenisikiliza.

Usiku ule niliyarudia madaftari yote arobaini. Michoro ilifanana kama sare. Mmoja alichora duara safi lenye ukingo mweusi mnene kuliko ukuta wenyewe wa seli. Hicho ni kiputo cha hewa, mtu yeyote aliyewahi kudondosha kioo cha kufunikia kwa haraka anakijua. Nilikuwa nimempa alama mbili za kiini.

Jumatano baada ya kengele nilibaki maabara. Slaidi zao zilishakauka, lakini kitunguu kilekile cha soko la Kirumba kilikuwepo, na chupa ileile ya iodini. Nikafanya kama wao. Unakipasua kitunguu mara nne, unachomoa gamba moja nene lenye maji, siyo lile kavu la nje ambalo seli zake zimekufa. Unalivunja taratibu, na upande wa ndani, ule uliobonyea, unabaki utando mwembamba unaong'aa. Unaushika kwa kibano na kuuvuta. Kipande cha milimita tano kinatosha, nacho kiingie kwenye tone la maji hapohapo, kisikupe nafasi ya kujikunja. Kikijikunja unaangalia seli juu ya seli, na hapo hata mimi sioni kitu.

Tone la iodini. Kioo kile chembamba unakisimamisha ukingo mmoja, unakilaza polepole kwa ncha ya sindano ili hewa itoke upande wa pili. Umeme ulikuwa umekatika, nikageuzia kioo cha hadubini kwenye mwanga wa dirishani, mbali na jua lenyewe maana linaumiza jicho.

Kwa lenzi ya chini nikaziona kuta vizuri kabisa, ndefu, zimebanana kama matundu ya nyavu ya dagaa iliyovutwa upande mmoja. Nikapandisha hadi mara 400. Kuta. Ndani, utupu. Nikahamisha slaidi kushoto, kulia. Hakuna kiini hata kimoja.

Nikaikumbuka chupa. Iodini ya kazi hii inatakiwa kuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na hii ilifanana na maji ya kuoshea kikombe. Iodini hufifia ikikaa kwenye mwanga, na hii ilikaa dirishani kwenye chupa nyeupe mwaka mzima. Na mwezi wa tatu, ilipobaki kidogo, nani aliongeza maji ili iwatoshe arobaini? Mimi.

Nikapunguza kitundu cha mwanga chini ya jukwaa la hadubini, maana mwanga ukiwa mwingi kitu kisicho na rangi hupotea. Hapo ndipo vikatokea vivuli vya mviringo, hafifu kama pumzi kwenye kioo. Kumbe vilikuwepo muda wote, ila mtoto wa miaka kumi na sita, ana dakika tano na hadubini, wenzake wanne wanamsukuma, angevionaje?

Mzee wa maabara, mnamfahamu, yule wa funguo, akanitolea chupa ya kahawia aliyoificha kwa ajili ya mtihani. Sikuitengua slaidi. Niliweka tone ukingo mmoja wa kioo, upande wa pili nikagusisha kipande cha karatasi ya chooni, ikanyonya maji na kuivuta iodini ipite chini. Baada ya dakika kama tatu viini vikakaa vya manjano ya kahawia, wazi, nikacheka peke yangu. (Na hakuna bluu-nyeusi popote, kwa wale wanaoniuliza kila mwaka. Kitunguu hakiweki akiba yake kama wanga.)

Nikahesabu. Seli kumi na mbili nzima mbele yangu, viini nane. Nikazungusha skrubu ndogo taratibu, kuta zikafifia kidogo, viini vitatu vikaibuka kutoka chini. Seli ina kina kama boksi, na kiini huweza kuwa kimelala sakafuni au kimeng'ang'ania dari, wakati lenzi ya juu inaona tabaka jembamba tu. Cha kumi na mbili sikukipata mpaka nafunga.

Alhamisi nikamwita wakati wa mapumziko. Sikumwambia kitu, nilimwachia kiti. Alikaa muda mrefu sana, mkono mmoja kwenye skrubu.

"Kipo, madamu."

"Umekiona?"

"Kipo pembeni, kimebanwa ukutani. Wewe ulikichora katikati."

Kweli. Katikati ya seli ile pamejaa vakuoli, mfuko wa maji unaosukuma kila kitu ukutani. Kikionekana katikati, mara nyingi ni kwa sababu unakitazama kwa juu kikiwa kimelalia sakafu au dari. Ningeweza kumweleza hayo, nikasema tu, "Chora."

Akachora. Seli tatu, moja bila kiini. Nikamwuliza hii je? "Hii sijakiona bado." Nilimpa alama zake mbili na nyingine moja ambayo haipo kwenye mwongozo wowote. Robert Hooke mwaka 1665 naye alichora kuta tupu za gome la mti, na hakuna aliyemkata. Ila zile za kwake zilikuwa zimekufa, hazikuwa na kiini cha kuona.

Sasa nimebaki na madaftari thelathini na tisa yenye mstari wa pili ndani ya ukuta, ulioandikwa "utando wa seli", na wote niliwapa alama. Utando umeshikamana na ukuta, hauonekani kwa hadubini zetu. Ili uuone lazima upitishe maji ya chumvi chini ya kioo, seli ipoteze maji, utando uachane na ukuta na kujikusanya ndani. Hatujawahi kufanya. Mwongozo wa kusahihisha unautaka, nami nimeufuata miaka tisa. Nimenunua chumvi ya mia tano, iko kwenye mkoba. Kama nitawaonyesha wiki ijayo na kisha kuwapokonya alama zao, sijui.

Halafu kikoba. Jumapili ni zamu yangu kupokea, ada ya Neema nimeipangia hapo hapo, na mweka hazina tangu jana mchana simu yake inaita tu haipokelewi. Mama Juma anasema amemwona asubuhi stendi ya Nyegezi, na begi.