Siku 43 kwenye barua moja

Bosi aliniambia barua iwe fupi. "Siku zote arobaini na tatu, weka mwamba. Mteja mwenyewe ameuona, hatabisha." Nilikuwa mhandisi wa saiti, mwaka wa pili kazini, na barua ya kumweleza mteja kwa nini tumechelewa sikuwahi kuandika hata moja. Nikafungua kompyuta, nikaandika "YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA MUDA", nikabaki nayaangalia maneno hayo kwa dakika nyingi.

Mwamba kweli ulikuwapo. Tulikuwa tunalaza bomba la maji la plastiki ngumu, kipenyo cha milimita 250, na kwenye nyaraka za zabuni kulikuwa na mashimo ya uchunguzi kila baada ya mita 500. Yote yalionyesha udongo mtupu hadi kina cha mita 1.8, na mtaro wetu ulihitaji mita 1.4 tu. Mwamba ulikuwa umejificha katikati ya mashimo mawili. Siku ya kwanza ndoo ya ekskaveta ilipougusa, meno yalilia kama kisu kwenye sahani, mashine ikainuka mbele, na dereva akazima injini bila kuambiwa na mtu.

Kwenye udongo tulikuwa tunachimba na kulaza mita 95 kwa siku. Tulipofunga nyundo ya hidroliki kwenye ekskaveta ile ile, tukawa tunakwenda mita 10. Urefu wa mwamba ulikuwa mita 380. Kwa hiyo tulitumia siku 38 mahali ambapo tungetumia siku 4, na tofauti yake ni siku 34. Hesabu hiyo niliipenda, maana haikuhitaji maneno matamu. Taarifa ya kwanza tulikuwa tumeshaipeleka siku ya tano tangu tuukute mwamba. Mkataba wetu ulikuwa wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la mwaka 1999, na kifungu 20.1 kinampa mkandarasi siku 28 tu za kutoa taarifa tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu jambo analolidai. Ukipitiliza, dai lako limekufa hata kama mwamba ni mkubwa kama nyumba. Kila jioni mimi na msimamizi wa mteja tulipima mtaro pamoja kwa futi kamba na kutia sahihi karatasi moja, kwa sababu mwamba ukishafukiwa hakuna wa kukuamini.

Lakini 34 si 43. Siku 9 zilizobaki zilikuwa za majaribio ya presha, na hizo ndizo zilizoninyima usingizi.

Tulijaribu kipande cha mita 600 ambacho ndani yake kulikuwa na mwamba wote. Tulikijaza maji polepole kutoka upande wa chini, valvu za hewa za juu zikiwa wazi, tukakiacha siku nzima ili bomba litulie. Presha ya kazi ilikuwa bar 6, ya kujaribia bar 9. Fundi akapiga pampu ya mkono mpaka mshale ukafika 9, akafunga valvu, sote tukachuchumaa kuizunguka saa ya presha kama watu wanaosubiri chai ichemke. Baada ya saa moja mshale ulikuwa kwenye 6.5.

Msimamizi alisema ni hewa imenaswa. Nami nilitamani iwe hewa, maana hewa unaitoa tu. Ila hewa ina tabia zake: pampu hupigwa muda mrefu presha bila kupanda, kwa sababu unaibana hewa kwanza, halafu ukifunga, mshale hushuka haraka mwanzoni kisha hutulia. Wetu ulipanda upesi, na kushuka haukuacha. Tulirudia mara mbili, ikawa vile vile. Maji yalikuwa yanatoka mahali.

Viungo vyote tulikuwa tumeviacha wazi bila kuvifukia, kama inavyotakiwa, na vyote vilikuwa vikavu. Siku ya pili tukaona unyevu kwenye mwisho wa chini wa mtaro, tukachimbua hapo kwa nguvu zetu zote, tukakuta bomba zima kabisa. Siku mbili zikapotea. Mtaro wa mwamba hudanganya: maji hayapandi juu yakuonyeshe tundu lilipo, bali hupita chini kwenye mchanga, kama kwenye mfereji, yatokee mbali. Fundi mkuu ndiye aliyetutoa. Alingoja usiku mashine zote zikiwa zimezimwa, akachukua nondo, akawa anaichomeka kwenye kifusi mpaka ikutane na bomba, halafu anaweka sikio kwenye ncha ya juu. Alisogea hatua kwa hatua. Mahali fulani akanyanyua mkono, akaniita, "Mhandisi, njoo usikilize." Nikasikia mlio mwembamba, kama mtu anayepuliza kati ya meno. Ulikuwa mita 40 kutoka kwenye ule unyevu, upande wa juu wa mtaro.

Asubuhi tulipofukua tulikuta ncha ya jiwe, haizidi ukubwa wa ngumi, imegusa tumbo la bomba. Chini ya bomba palitakiwa pawe na tandiko la mchanga la milimita 150. Hapo mchanga haukufika hata nusu. Nyundo ilikuwa imeacha ncha hiyo sakafuni, na wiki ile mchanga ulikuwa umechelewa kuletwa, watu wakautandaza mwembamba ili kazi isisimame. Uzito wa kifusi ukalikandamiza bomba juu ya jiwe, presha ikamaliza. Ufa wenyewe ulikuwa na urefu wa sentimita 12, mwembamba kama unywele.

Ndiyo maana barua ya bosi haikukaa sawa mkononi mwangu. Ufa ulisababishwa na mwamba, hilo kweli. Lakini kutandika mchanga wa kutosha juu ya mwamba ilikuwa kazi yetu, na tulilipwa kwayo. Niliandika hivi: "Siku 34 tunaziomba kwa sababu ya mwamba ambao haukuonekana kwenye mashimo ya uchunguzi. Siku 9 za jaribio lililoshindikana hatuziombi. Chanzo chake ni tandiko pungufu sehemu moja. Bomba limekatwa, kipande kipya kimewekwa, na jaribio la pili limepita." Jaribio hilo mshale ulitoka 9 ukaishia 8.9.

Bosi alisoma akiwa amesimama. "Kijana, umewapa fimbo ya kutuchapia." Nikamwambia, "Bosi, msimamizi alikuwapo tulipofukua. Tukisema zote ni mwamba, hata zile 34 atazitilia shaka." Hakunijibu. Alitia sahihi kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi, ikabidi tuchapishe nyingine.

Kwenye kikao nilikwenda na kipande cha bomba tulichokata. Mwakilishi wa mteja alikigeuza, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye ufa, akakiweka mezani. Halafu akafungua daftari la saiti, la kwetu wenyewe, lenye mwandiko wangu, akanionyesha siku tatu ndani ya zile 38 ambazo nyundo ilikuwa imelala kwa sababu ya mpira wa mafuta uliopasuka. Nilikuwa nimeziandika mimi, kisha nikazisahau kwenye hesabu. Walitupa siku 31. Zilizobaki 12 tulikatwa faini, na njia nzima ya kurudi saiti bosi hakuongea, ila tulipofika aliuliza nani anaagiza mchanga.