Rosta ilibadilika, mwanangu anatoka jandoni

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara. Desemba malori yanapanga foleni usiku kucha, kwa hiyo bosi akabandika rosta mpya: asubuhi siku mbili, mchana siku mbili, usiku siku mbili, mapumziko siku mbili, makundi manne yakizunguka. Nilipoifuata kwa kidole hadi mwisho wa mwezi nikaishiwa nguvu. Usiku wangu wa kwanza ulikuwa Ijumaa, na alfajiri ya Jumamosi kijana wangu alikuwa anatoka jandoni kule Tandahimba.

Ushauri ulikuja bila kuuomba. Mmoja akaniambia, "Wewe ugua tu, malaria nani ataipima?" Mwingine akaniandikia barua ya kurasa mbili yenye neno "unyanyasaji" mara tatu. Nani alimwambia nimeonewa? Rosta kwangu haikuwa na shida, na posho ya usiku naipenda. Shida yangu ilikuwa usiku mmoja. Na huwezi kuugua malaria Ijumaa halafu Jumapili picha zako zimejaa kwenye simu za watu, umejipaka unga unacheza ngoma.

Nikajifanya mjanja. Nikamfuata rafiki yangu wa kundi la mchana, akakubali kunishikia zamu hata sijamaliza kueleza. Nikaingia ofisini kifua mbele. Msimamizi wetu ni mama mtu mzima, haongei sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Rosta imekukera?"

"Hapana mama, nitaifuata. Ila Ijumaa usiku nina jambo la mtoto, na nimeshapata wa kubadilishana naye."

Nikamtaja. Akageuza risiti ya mizani, akachora mstari kwa penseli. "Huyu Ijumaa anaingia saa tisa alasiri, anatoka saa tano usiku. Zamu yako inaanza saa tano hiyo hiyo, mpaka saa moja asubuhi. Masaa kumi na sita. Jumamosi saa tisa namtaka tena hapa. Akisoma tani kumi badala ya kumi na mbili, nani analipa?" Kisha akaniambia kitu nilichokuwa sikijui kabisa: sheria ya kazi inataka mtu apumzike masaa 12 mfululizo kati ya kutoka na kuingia tena. Nikatoka kifua nyuma.

Usiku ule nikachora makundi yote manne kwenye boksi la sabuni, mke wangu akidhani nacheza bao. Wa asubuhi naye hafai: angetoka kwenye zamu yangu saa moja asubuhi na muda huo huo zamu yake ya Jumamosi inaanza. Akabaki yule ambaye nilimkwepa kwa kumwonea huruma, wa kundi la mapumziko. Yeye anamaliza usiku wake Ijumaa saa moja asubuhi, analala mchana kutwa, anaingia kwangu saa tano usiku. Ni masaa 16. Akitoka Jumamosi asubuhi, kazini anatakiwa Jumapili saa moja, masaa 24 kamili. Na deni? Jumapili yake nisingeiweza, maana ndiyo saa ninayotoka usiku wangu wa Jumamosi. Jumatatu asubuhi naweza. Posho ya usiku wa Ijumaa yake, sina ubishi, kafanya kazi yeye.

Safari hii nikapeleka karatasi nusu ukurasa, siku kumi kabla:

"Rosta mpya nimeiona na nitaifuata. Naomba usiku mmoja tu, Ijumaa, mwanangu anatoka jandoni na tarehe wameipanga wazee. Mwenzangu wa kundi la mapumziko ataingia badala yangu, nami nitaingia Jumatatu asubuhi badala yake. Jumamosi usiku nipo kama kawaida."

Tukasaini wote wawili. Ule mstari wa Jumamosi nusura niufute, maana nilitamani siku zote mbili. Lakini mama aliusoma huo kwanza, akachukua kalamu nyekundu, akaenda ubaoni kubadilisha majina mwenyewe. Hakuniuliza jando la nani wala wapi. Kuwa makini hapo: msipobadilishwa ubaoni mlinzi wa getini hana habari na makubaliano yenu, na asiyefika anaandikwa ni wewe.

Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti kwa mtoto, na shemeji yangu alishaanza kunitania kwamba baba wa mizani atatuma salamu. Nilifika Ijumaa adhuhuri, nikakesha na ngoma, asubuhi nikamwona kijana kavaa mapya, mafuta yanang'aa usoni, anajifanya hanijui.

Jumamosi saa nne na nusu usiku nilikuwa getini, miguu yote vumbi jekundu, nimemshika jogoo wa mwenzangu kwapani. Mlinzi akataka kumpima kwenye mizani ya malori.