Bei ya ng'ombe kwanza, idadi baadaye: nilivyokuwa msemaji kwenye kikao cha mahari Dodoma

Nilipoteuliwa kuwa msemaji wa upande wa kijana, washauri walinijia bila kuitwa. Mmoja alisema nikubali kila kitakachotajwa, maana harusi ikishapita hakuna wa kudai. Mwingine akasema nisithubutu kutoa kalamu mbele ya wakwe kwa sababu ndugu hawaandikiani. Wote wawili hawajawahi kukalia kile kiti cha mbele, na kikao kilikwisha salama kwa sababu nilifanya kinyume cha maneno yao.

Barua ya posa ilikuwa imeshapelekwa na majibu yameshakuja, hiyo naipita. Majibu yalitaka ng'ombe kumi na wawili, mbuzi sita, mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu, jembe, na chini kabisa mstari unaosema "mbuzi wa mjomba". Familia ya binti ni Wagogo wanaoishi Dodoma mjini, wajomba wako Bahi. Kijana alikuwa na uwezo wa kama milioni mbili taslimu siku ile, na nyingine kidogo baada ya mavuno.

Tulikwenda watu sita, na kila mmoja alijua kazi yake kabla hatujapanda gari. Mshenga aliyepeleka barua ndiye aliyepiga hodi na kututambulisha, akaishia hapo. Mimi nilisema. Mzee mmoja alikaa kulia kwangu, kazi yake ni kunigusa mguu nikianza kwenda mbio. Katibu aliandika. Mama mmoja alibeba vitu: blanketi, koti na jembe. Wa sita alibeba fedha, naye hakufungua mdomo tangu hodi hadi chakula.

Huyo wa fedha ndiye watu hukosea kumchagua. Fedha zikikaa kwa msemaji, macho yake yanazihesabu kila anapoongea, na wazee wa upande wa pili wanajua kusoma macho. Mimi sikujua mfuko una kiasi gani kwa hakika, nilijua mwisho wetu tu. Zaidi ya hapo, fedha zilikuwa kwenye bahasha nyingi ndogo ndogo, za hamsini na za laki, zimefungwa. Ukitoa bunda moja kubwa na kuchomoa laki mbili za mkaja, kila mtu ameona kilichobaki, na kilichobaki kitatafutiwa jina.

Upande wao walikuwa na msemaji, baba mdogo wa binti, na katibu wao. Niliomba makatibu wawili wakae meza moja, bega kwa bega, kila mmoja na karatasi yake. Wakikaa mbali mbali utapata orodha mbili zisizofanana, na ubishi wa usiku utakuwa juu ya karatasi badala ya ng'ombe.

Utaratibu nao niliuomba mwanzoni, kwa adabu: "Wazee wetu, shikamooni. Sisi ni wageni, tunaomba mtuongoze, ila mkituridhia tungeanza na madogo tukamalizia na makubwa." Hakuna mzee anayekataa kuombwa kuongoza. Kwanza binti aliitwa, shangazi yake akamuuliza kama anawajua wageni hawa na kama baba apokee. Hili lazima litangulie fedha yoyote, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua kikao. Kisha faini. Walitutoza kifungua mlango na faini ya kuchelewa, elfu hamsini kwa yote, tukalipa bila kubisha. Faini zitajwe na zifungwe mapema. Ukiziacha mwisho zinazaliana, maana wakati huo wameshajua umelegea wapi. Baada ya faini nikauliza kwa sauti: "Kuna faini nyingine wazee wanaikumbuka?" Wakasema hakuna. Katibu akaandika "faini zimekwisha" akapiga mstari.

Vitu vya heshima vikafuata. Blanketi, koti na jembe tuliviweka juu ya mkeka, vikapokelewa. Mkaja walitaka laki tatu, tukakubaliana laki mbili. Kwenye mkaja usivute kamba sana, kwa sababu mama mtu yuko chumba cha pili anasikia.

Halafu ng'ombe, na hapa naomba nikae kidogo.

Wengi huanza kupunguza idadi. Wanatoa jasho kutoka kumi na wawili hadi wanane, wanapongezana, ndipo msemaji wa wakwe anasema kwa upole, "Na kichwa kimoja ni laki saba." Kila alichokupunguzia amekirudisha, na huwezi tena kurudi kwenye idadi kwa sababu umeshashukuru. Idadi haina shahidi nje ya nyumba ile: ni desturi ya ukoo, alivyolipiwa dada mkubwa, na heshima. Bei ina shahidi, naye ni mnada. Kwa hiyo nikasema: "Kabla hatujahesabu, tunaomba kujua ng'ombe wa nyumba hii ni ng'ombe gani. Ni mtamba, ni dume, au ni fedha? Na kama ni fedha, kichwa ni shilingi ngapi?"

Baba mdogo akajibu laki tano, fedha. Kwa mtamba mzuri ilikuwa bei inayoweza kutetewa. Kwa dume dogo haikuwa, na barua yao ilisema "ng'ombe" tu. Badala ya kubisha nikainamisha kichwa: "Wazee, kwa kuwa bei ya mnada wa Msalato inapanda na kushuka, tusije tukawapunja. Tutawaletea kwa miguu, wote, hapa hapa nyumbani."

Kukawa kimya. Nyumba ile ina uwanja wa kuegesha gari moja, na jirani amepanda maua hadi ukutani. Nani atachunga? Atalala wapi? Msemaji wao akaomba waende kuteta. Waliporudi, kichwa kilikuwa laki tatu na nusu. Nilijitahidi nisitabasamu, mzee wa kulia akanikanyaga hata hivyo.

Lakini hila hii ina meno pande zote. Mjomba wa Bahi, ambaye boma analo, alisimama akasema yeye fungu lake analitaka kwa miguu, mitamba miwili. Nilikuwa nimetaja mwenyewe, nikakubali. Ukitumia njia hii, uwe umeshaulizia bei ya mtamba, gari la kubeba na kibali cha kusafirisha mifugo, kwa sababu kuna mtu atakushika neno. Mitamba ile ilimgharimu kijana kuzidi ile laki tatu na nusu, ila kwa wawili tu, na nafuu ya wengine ilifidia.

Bei ikishafungwa, idadi haikutusumbua. Tulitoa sababu, wakateta, tukateta, tukasimama kwenye wanane: wawili kwa miguu, sita kwa fedha. Kuteta ni haki ya kila upande, itumie. Ukitakiwa kujibu papo hapo, jibu sahihi ni "tunaomba tutoke kidogo".

Mbuzi walitushangaza kidogo. Walikubali wanne badala ya sita, kila mmoja elfu sabini. Ndipo katibu wetu akaninong'oneza kwamba mbuzi wa mjomba yuko mara mbili, ndani ya wale sita na tena kwenye mstari wake. Nikauliza kama swali la mgeni asiyejua, bila kumtuhumu mtu: "Mbuzi wa mjomba anatoka kwenye hawa wanne, au ana mama yake mwingine?" Wakacheka, wakasema ni mmoja wa hao hao. Kitu kimoja kwenye mistari miwili ni jambo la kawaida, kwa sababu majibu ya barua huandikwa na watu wengi, kila ukoo unaongeza wake.

Ukiacha ile ya faini, kabla bahasha hata moja haijafunguliwa, karatasi ilisomwa yote kwa sauti na katibu wao, wetu akifuatisha kwa kalamu. Ilikuwa na safu sita: kitu, kilichoombwa, kilichokubaliwa, kilicholetwa leo, kilichobaki, na anayepokea. Kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Mstari wa ng'ombe wa fedha ulisomeka hivi: ng'ombe sita, kwa fedha, 350,000 kila mmoja, jumla 2,100,000, zimeletwa 1,500,000, zimebaki 600,000, anapokea baba. Mbuzi 280,000 na mkaja 200,000 zilikamilika, hivyo bahasha zilizotoka, ukiacha faini, zilikuwa 1,980,000. Mitamba miwili ikaandikwa peke yake, pamoja na neno "mtamba", mahali pa kuipeleka, na kwamba gari ni juu ya upande wa kijana.

Kilichopunguzwa usikifute. Wale ng'ombe wanne na mbuzi wawili tuliandika "wamesamehewa", mbele ya macho ya wote. Kitu kilichofutwa huibuka siku ya kumuaga binti, shangazi mmoja akasimama mlangoni akisema mbona hakijaletwa. Kilichoandikwa kuwa kimesamehewa hakina pa kuibukia.

Niliongeza sentensi mbili ambazo watu huzisahau. Ya kwanza: deni hili halitasimamisha harusi. Kisheria hata bila sentensi hiyo ndoa haianguki, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa iliyotimiza masharti yake ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa. Lakini siku ya harusi hakuna anayesoma sheria mlangoni, wanasoma karatasi yao wenyewe. Ya pili: vitu hivi vimetolewa kwa ajili ya ndoa ya fulani na fulani. Kifungu cha 71 cha sheria hiyo kinaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kabla ya ndoa ambayo haikufungwa, ikiwa mahakama itaridhika kwamba mtoaji aliikusudia kwa sharti la ndoa hiyo kufungwa. Bila maandishi, kila mtu atakumbuka nia tofauti.

Fedha zilihesabiwa kwenye sinia na mtu wao mmoja, wetu akitazama, bahasha moja moja kwa jina la kitu chake. Ndipo sahihi: wasemaji wawili, makatibu wawili, na shahidi mmoja kila upande. Bibi mmoja aliweka dole gumba, katibu akaandika jina lake pembeni. Chini ya mstari wa mwisho tulichora msalaba hadi mwisho wa ukurasa ili hakuna kitakachoongezwa. Nakala mbili, kila upande yake, na picha kwenye simu za wasemaji. Chakula kikaja baada ya sahihi. Kikija kabla, watu wanashiba, wanalegea, na nusu ya mambo yanabaki "tutaongea".

Laki sita zilipopelekwa baada ya mavuno hatukuandika karatasi mpya. Upokeaji uliandikwa nyuma ya zile zile mbili, tarehe, kiasi na sahihi ya baba, na siku mitamba ilipofika Bahi, mjomba aliandika rangi zao.